Shajara ya mradi wa majina ya kanga, Ngamiani, Tanga

Jumamosi mchana

Tumesimamisha kupiga picha kwa sasa. Folda imejaa kanga za Ngamiani na chache za Chumbageni, lakini safu ya Kiingereza kwenye shiti iko tupu, na tukiendelea kupiga tutajikuta tuna mzigo wa picha tu basi. Kwa asiyejua mradi wenyewe: ni kijitabu, kila ukurasa kanga moja, picha yake, jina lake kama lilivyochapwa, laini moja ya Kiingereza na maelezo yasiyozidi maneno 40. Watakaosoma ni wageni wasiojua Kiswahili. Humu ndani siweki Kiingereza chenyewe, kiko kwenye shiti, humu nairudisha rasimu kwa Kiswahili ili mama zetu wenye kanga wakitaka kujua tumewasemea nini huko kwa wenzetu wasomewe na waelewe.

Kuhusu picha niandike mara moja yaishe. Mwanzo mwenzangu alikuwa anapiga kanga zikiwa zimevaliwa, anataka picha zenye uhai, sawa, lakini kanga ikishafungwa jina linakaa nyuma, chini ya makalio, na ule mkunjo wa kiunoni unameza maneno ya mwanzo au ya mwisho. Kuna picha inasoma OGOPI MTU KWA MANE, hapo hujui kama ni siogopi au huogopi, na hilo "si" ndilo lililobeba kanga nzima. Halafu ili upate herufi vizuri lazima uchuchumae nyuma ya mama wa watu na simu mkononi, hebu fikiria mwenyewe picha hiyo mtaani. Kwahiyo tukabadilisha, kanga inatandikwa kwenye mkeka kivulini au inaanikwa kambani na vibanio, anayepiga anasimama usawa wa katikati ya jina, sio pembeni. Jua la saa saba linaua herufi nyeupe juu ya nyekundu, zinakuwa kama zimemwagiwa maziwa. Kila kanga picha tatu: nzima na pindo zote nne (urefu metre moja na nusu hivi, upana metre moja na kidogo), jina peke yake, na ukingoni penye alama ya kiwanda. Kama doti haijakatwa tunapiga kipande kimoja tu, jina la kwenye kipande cha pili ni lilelile.

Hiyo alama ya kiwanda ilituletea kichekesho. Kijana anayetusaidia kunakili aliandika kwenye shiti jina la kanga moja ya zamani ya Mombasa, kisha mbele yake kaongeza MALI YA ABDULLA, akaja kuuliza Abdulla ndiye mume au ndiye aliyeibiwa mke. Maskini, ile ni chapa ya biashara, K.H.E. Mali ya Abdulla, duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa lililoanza 1887, kanga zake zimevaliwa pwani yote hii mpaka leo. Ila nimefurahi aliuliza, manake ingeingia kijitabuni Abdulla angepewa kesi isiyo yake. Sasa shiti ina safu ya chapa peke yake.

Jumapili usiku

Leo tumeanza na nyepesi. SISI SOTE ABIRIA DEREVA NI MUNGU imepita haraka, hii mtu hamvalii mtu, maana yake iko juu juu, Kiingereza kinaibeba bila shida. WEMA HAUOZI nayo laini yake ni fupi na imetulia, ila kwenye maelezo tumeweka kwamba inaweza kuwa shukrani kwa aliyekufaa na inaweza kuwa kisu kwa aliyekufaa halafu akakusimanga. Maneno ni yaleyale, anayetoa na anayepokea ndio wanaobadilika.

HASIDI HANA SABABU ndiyo iliyotuonyesha ugonjwa wetu uko wapi. Rasimu ya kwanza ukiirudisha inasoma "unanihusudu bila sababu". Unaona kilichotokea? Kanga imesema hasidi, yeyote, hata wa mtaa wa tatu, sisi tumempa nafsi ya pili na ya kwanza, tumemkalisha mtu mbele ya mtu. Mwenye kanga angekuwa anataka kusema hivyo angeenda mlangoni kwa mwenzie akasema kwa mdomo wake, kanga ya kazi gani. Kanga inasemwa na aliyevaa anapita zake, akiulizwa jibu analo, mimi nimevaa nguo, rangi ilinipendeza. Ikiwa tafsiri yetu inamnyang'anya hilo jibu basi tumetafsiri kitu kingine.

Nikaandika juu ya shiti kwa herufi kubwa: USIONGEZE MTU AMBAYE KANGA HAIKUMTAJA. Rasimu iliyobaki inasema hasidi hahitaji sababu, baridi kabisa, kama mtu anayeongelea hali ya hewa. Ubaridi huohuo ndio unaochoma.

Jumanne

Siku nzima kanga moja. Faili ni `NGM-014-b.jpg`, nyekundu na nyeusi, mji wake, yaani ule uwanja wa katikati, una korosho, jina:

MDHANIAYE NDIYE SIYE

Mswahili yeyote anaisikia na anacheka. Ukimwambia akueleze inamaanisha nini anaanza kukuna kichwa, na sisi tulikuna sana, kwasababu kabla ya kuitafsiri ilibidi tukubaliane kwanza nani anadhani.

Mwenzangu alisoma "mdhaniaye" kama mtu anayedhani, yaani yule anayejidhania ndiye, siye. Kama kumtolea uvivu mtu anayejiona yeye ndiye mwenyewe penzini. Inanoga, lakini sarufi haikubali, mtu anayedhani ni "adhaniaye", kama "aendaye" na "ajaye". Hiyo "m" ya mwanzo inatoka kwingine. Inaweza kuwa "umdhaniaye", wewe mmoja unayemdhania, ile "u" imemezwa kama tunavyoimeza tukisema haraka. Inaweza kuwa "mumdhaniaye", nyinyi nyote mnaomdhania, imebanwa ikae kwenye mapigo. Tukakaa tunabishana mmoja au wengi, mtaa mzima unaambiwa au jirani mmoja tu, mpaka chai ikapoa.

Tukaona tukamuulize mwenyewe. Bibi mwenye hiyo kanga tukampigia shikamoo, tukamwonyesha picha kwenye simu, tukamuuliza bibi hapa anaambiwa mtu mmoja au watu wengi. Akatuangalia. "Aambiwa anayejijua." Mjukuu wake wa kike alikuwa anachambua mchele pembeni akasema bibi si uliivaa ile siku ya arusi ya kina fulani, walivyokuwa wanamsema yule dada kwamba ndiye aliyetoa siri ya ndani, na wewe unamjua aliyetoa. Bibi akasema, "Mwanangu mimi niliipenda rangi." Halafu akacheka yeye peke yake kwa muda mrefu. Akaongeza na la kwake, kwamba siye si ndio sisi, siye twasema hivyo, basi huyo mnayemdhania labda ndio siye wenyewe. Ni mzaha tu, ingekuwa hivyo ingechapwa "ndio siye", lakini nimeuandika kwenye safu ya sauti kwasababu unaonyesha namna watu wanavyoichezea kanga wakishaipata mkononi.

Tukarudi na rasimu tatu. Tunazipima kwa kijana mmoja wa ndugu zetu aliyekulia nje, Kiswahili chake ni cha kuombea maji, kanga kwake ni nguo ya bibi. Tunamsomea laini ya Kiingereza tu bila maelezo na kumuuliza vitu viwili: anaambiwa nani, na aliyesema ana hali gani, kakasirika, anacheka, anaonya?

Ya kwanza ilikuwa inasema "yule mwanaume unayemdhania kuwa ni wangu siye". Mwenzangu aliitoa kwasababu kanga nyingi huenda kwenye mapenzi, na kwasababu Kiingereza kinamsukuma mtu achague, yeye wa kiume au yeye wa kike, hakina "yeye" letu linalomkaa kila mtu. Kijana akajibu hapohapo: mke anamwambia mume mwenye wivu. Akaona na mwisho wa kisa. Imeanguka, sababu dada wa kwenye ile arusi na siri yake hawana pa kuingia humo.

Ya pili tulikimbilia upande wa pili: "watu mara nyingi hukosea wanapowahukumu wengine". Kijana akauliza hii imetoka kwenye kalenda? Sawa kabisa. Hakuna anayeambiwa, hakuna anayecheka, mtu akivaa hiyo hakuna jirani atakayegeuka.

Ya tatu ilipatikana tulipoacha kutafuta maneno na kufuata mpangilio wa kanga yenyewe. Kiingereza kina namna ya kusema "yule mmoja" isiyoonyesha kama ni mwanamke au mwanaume, tukaanza nayo: yule mmoja mnayedhani ndiye, siye. Na lile neno lao la nafsi ya pili ni lilelile kwa mmoja na kwa wengi, kwahiyo ugomvi wetu wote wa umdhaniaye na mumdhaniaye Kiingereza kimeumaliza bure bila kuombwa, fumbo limebaki fumbo. Bado tukawa na kazi ya mwisho, kuhakikisha kukanusha kunakuja mwisho kabisa, neno moja fupi, manake kwenye kanga msomaji anasoma "ndiye", anatulia, ndio anakutana na "siye". Ukiweka kukanusha mwanzoni, "siye yule mnayemdhania", unakuwa umemwaga mchuzi kabla wali haujafika. Tukaweka mkato kabla ya neno la mwisho ingawa kanga haina mkato, kanga nyingi hazina alama za uandishi, lakini ile pumzi ipo na msomaji wa Kiingereza bila mkato anaipita.

Kijana akaisikia akanyamaza kidogo, kisha: inategemea nani kamsomea nani. Na hali ya msemaji? Anajua kitu, hataki kukisema. Hapo tukafunga kompyuta.

Alhamisi

NAOGOPA SIMBA NA MENO YAKE SIOGOPI MTU KWA MANENO YAKE. Hii ndiyo ile iliyoliwa na mkunjo, tumepata nyingine safi kwa jirani.

Shida ya hii si nani anaambiwa, hapa kanga imesema "mtu" na sisi tutasema mtu. Shida ni meno na maneno. Ukiondoa ule mlio kinachobaki ni taarifa kwamba fulani anaogopa wanyama kuliko umbea, nani avae taarifa. Tulijaribu kulazimisha vina vya Kiingereza, likatoka shairi la watoto wa chekechea, simba akawa katuni. Tukaachana na vina tukatafuta mlio wa mbele badala ya wa nyuma: bahati nzuri meno na maongezi kwa Kiingereza huanza na herufi moja, te, kwahiyo kila nusu inaishia na neno la te, fupi na kavu. Sio sawa na meno na maneno lakini mdomo unasikia kuna kitu. Nusu mbili tumezilinganisha kwa urefu pia, kwasababu kanga imezilinganisha.

Mwalimu mmoja wa Kiingereza tunayemwonyesha mambo alitaka tuandike "maneno yako" badala ya "maneno yake", anasema inakuwa na nguvu zaidi. Kweli ina nguvu zaidi na ndio ubaya wake. Hii kanga ni majigambo, sio malalamiko, mvaaji anajisifu yeye haogopi, na mwenye maneno akijisikia kachomwa hilo ni lake, pilipili usiyoila yakuwashiani. Ukitia "yako" mvaaji anaonekana kakereka, na mtu aliyekereka keshashindwa. Tumebaki na yake.

SINA SIRI NINA JIBU imechukua muda mfupi kuliko nilivyoogopa. Maneno manne, Kiingereza kinakaribia maneno manane, kwahiyo tulichofanya ni kukata kila kinachokatika. Jaribu la kutia "lakini" katikati nimelikataa, kanga haikusema lakini, imeweka mambo mawili ubavu kwa ubavu, msomaji ajiunganishie. Na "jibu" tusilipambe kuwa jibu kali au jibu tayari. Kitisho kiko kwenye kutosema jibu lenyewe ni lipi.

Ijumaa, baada ya swala

Maelezo ya maneno 40. Hapa ndio tulipokuwa tunaharibu bila kujijua. Laini imetulia, fumbo limehifadhiwa, halafu chini yake sisi wenyewe tunaandika: kanga hii huvaliwa na mke kumsuta mke mwenza. Basi fumbo limekwisha, tena tumemsingizia kila anayeivaa kwamba ana ugomvi. Mama mmoja wa barabara ya juu kidogo alitukubalia kupiga picha kwa sharti moja, "andikeni kanga inasema nini, msiandike nilimvalia nani", na nadhani hilo sharti ni zuri kuliko yote tuliyojiwekea wenyewe.

Utaratibu tuliokubaliana ni kwamba kila maelezo yatoe angalau nafasi mbili ambazo jina hilo linaweza kutumika, zisizofanana, na zisiwe za mwenye picha. Kwa MDHANIAYE tumeandika hivi (narudisha Kiswahili): "Huvaliwa au hutolewa zawadi pale watu wanapomshuku mtu. Inaweza kumtetea anayesemwa, au kumjulisha mwenye siri kwamba anajulikana, au isiwe na lengo lolote. Anayevaa halazimiki kueleza." Hiyo sentensi ya mwisho mwalimu alitaka tuitoe anasema haina habari. Mi naona ndiyo habari yenyewe, bila hiyo mgeni anadhani kanga ni tangazo.

Kuna jambo la pili kwenye maelezo, nani kampa nani. Kanga ikinunuliwa na mvaaji ni kitu kimoja, ikiletwa zawadi jina linageuka, anayesema ni aliyeleta na anayesomewa ni wewe unayevaa. Mume akileta doti, mke anageuza haraka kutafuta jina kabla ya kutazama rangi, na wanaume wa hapa wanaojua mambo humsomesha muuzaji dukani kwanza, hawabebi tu. Kwahiyo shiti imeongezwa safu ya "imepatikanaje" yenye majibu matatu: kanunua, kapewa, haijulikani. Safu hiyo inabaki kwetu, haichapwi, lakini inatusaidia tusije tukaandika "humwambia mumewe" kwa kanga aliyoileta mume.

Jumamosi tena

Iliyotushinda mpaka sasa ni TULIA TUISHI WAZURI HAWESHI. Kila mtu anadhani ni rahisi: mwenzangu tulia, tukae, warembo hawaishi duniani, utawakimbilia mpaka lini. Ndivyo ilivyo. Lakini sikiliza tuishi na haweshi. Moja ni kuishi, maisha, nyingine ni kuisha, kwisha, na ukiiandika kwa tahajia ya shule "hawaishi" zote mbili zinakuwa neno moja, wazuri hawamaliziki na wazuri hawadumu. Kanga imechapwa haweshi, matamshi ya pwani, na nimemkatalia kijana wetu wa kunakili asiisahihishe kwenye safu ya maandishi kama yalivyo, safu ya tahajia ya leo ipo kwa kazi hiyo.

Sauti nayo ina pande mbili. "Tulia tuishi" ni kubembeleza kabisa, ungeweza kuisema kitandani. "Wazuri haweshi" ni kicheko cha mtu aliyeshaona, na ndani yake kuna onyo dogo kwamba na mimi pia waniona mmoja tu, wapo wengine. Rasimu zetu zinabeba upande mmoja kila mara. Ya kwanza ilikuwa mke anaomba, yule kijana aliyekulia nje akasema masikini huyu mama. Ya pili mke anafoka, kijana akasema huyu anaachika. Ya tatu inaanza na kitenzi kimoja kifupi cha kuamuru, kisha mwaliko wa wawili, kisha sentensi ya wazuri peke yake, na imekaribia, ila mlio wa tuishi na haweshi haumo hata kidogo.

Wazo lililopo ni kutafuta kitenzi kimoja cha Kiingereza kinachofaa pande zote mbili, cha kudumu, sisi tudumu na wao wasimalizike. Mwenzangu anasema kinapinda maana, mi nasema tukipime kwanza. Jumatatu kijana anarudi kutoka Pangani, tutamsomea mbili zilizobaki bila kumwambia ipi ni ya nani.